Kompyuta Yako, Akaunti ya Nani?

Laptopu mpya yenye Windows 11 inapowashwa kwa mara ya kwanza huanza na maswali mepesi: uko nchi gani, kibodi yako ina mpangilio upi, utaunganisha mtandao upi. Baada ya hapo hutokea skrini inayotaka barua pepe ya akaunti ya Microsoft. Kwenye toleo la Home, ambalo ndilo lililomo katika laptopu nyingi za bei ya kawaida, skrini hiyo haina kitufe cha kukataa. Ama uweke barua pepe uliyo nayo, ama ufungue nyingine papo hapo.

Sasa fikiria jambo hili linavyokwenda dukani kwetu. Mara nyingi anayewasha mashine si mwenye mashine. Ni fundi, au kijana wa duka, au mpwa aliyeombwa amsaidie shangazi yake. Mteja hana akaunti ya Microsoft, au anayo lakini neno la siri limemtoka, au namba ya uthibitisho imetumwa kwenye laini aliyoiacha nyumbani. Watu wengine wanasubiri kuhudumiwa. Fundi anaandika akaunti aliyo nayo yeye mwenyewe, ile anayoitumia kwenye kila mashine, na dakika chache baadaye mteja anaondoka na laptopu inayowaka na kufanya kazi.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kuanzia dakika ile, kwenye kumbukumbu za Microsoft mashine ile ni ya fundi. Mwenyewe anaweza kuitumia miaka miwili bila kulijua hilo, mpaka siku itakapomdai kitu ambacho ni fundi pekee anacho.

Ipo njia nyingine, nayo ni kufungua akaunti ya ndani, yaani akaunti inayoishi ndani ya kompyuta hiyo hiyo na isiyojulikana mahali pengine popote. Windows imekuwa nayo tangu zamani na bado inayo hadi leo. Kilichobadilika ni kwamba mlango wake umekuwa ukifichwa kidogo kidogo. Windows 8, mwaka 2012, ndiyo iliyoanza kumwalika mtumiaji aingie kwa akaunti ya Microsoft, lakini njia ya kukataa ilikuwa wazi. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 njia hiyo bado ilikuwepo, ila kadiri matoleo yalivyofuatana ikawa haionekani kwenye Home kama umekwisha kuunganisha mtandao. Windows 11 ilipofika Oktoba 2021, toleo la Home lilitaka mtandao na akaunti kabla ya kukuruhusu kuendelea, na mwaka uliofuata toleo la Pro nalo likawekewa sharti hilo kwa mtu anayeiandaa mashine kwa matumizi binafsi. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi waliokuwa hawajaiona skrini hii sasa wanakutana nayo.

Kabla ya kuchagua, ni vizuri kuelewa akaunti hizi zinatofautiana wapi hasa, maana kuna dhana moja iliyoenea ambayo si kweli. Wengi hudhani kwamba ukiwa na akaunti ya Microsoft, kompyuta haitafunguka siku isiyo na mtandao. Itafunguka. Ile PIN unayoandika asubuhi ilitengenezwa kwenye mashine hiyo na inakaguliwa na mashine hiyo hiyo, bando liwepo au lisiwepo. Tofauti ipo katika mambo mengine: nani anaweza kukurudishia njia ukisahau neno la siri, faili zako zinanakiliwa wapi, na ufunguo wa diski yako umehifadhiwa kwa nani. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisilozungumzwa dukani.

Laptopu nyingi za siku hizi husimba diski zake, yaani huandika kila kitu kwa namna ambayo mwizi akiichomoa diski na kuiweka kwenye mashine nyingine hataweza kusoma chochote. Microsoft ilipotoa toleo la 24H2 la Windows 11, Oktoba 2024, ililegeza masharti ya jambo hilo, hivyo mashine nyingi zaidi zinasimba diski zenyewe tangu siku ya kwanza, hata zenye Home, bila kumuuliza mtu. Ufunguo hutunzwa na chipu maalumu iliyomo ndani ya mashine. Kila unapowasha, chipu hiyo huangalia kama mashine iko katika hali ileile iliyozoeleka, kisha huutoa ufunguo bila wewe kujua kwamba kuna lolote lililotokea.

Hali hiyo ikibadilika, chipu hugoma. Inaweza kubadilika kwa sababu bodi kuu ya mashine imebadilishwa, au mtu ameingia kwenye mipangilio ya BIOS akazima kitu, au BIOS yenyewe imesasishwa. Hapo huja skrini ya buluu ya BitLocker inayodai ufunguo wa kurejesha, ambao ni tarakimu 48, na kukuelekeza ukautafute kwenye aka.ms/myrecoverykey. Anwani hiyo hukupeleka kwenye akaunti ya Microsoft, kwa sababu mtu wa kwanza mwenye haki za msimamizi alipoingia kwenye mashine kwa akaunti ya mtandaoni, nakala ya ufunguo ilitumwa kwenye akaunti hiyo.

Chukua mfano wa mwalimu ambaye laptopu yake iliandaliwa na fundi kwa namna niliyoieleza. Ametunga mitihani humo, ana alama za wanafunzi za mihula kadhaa, ana picha za familia. Siku moja chaji inagoma, anaipeleka mashine kwa fundi mwingine, bodi inabadilishwa, na mashine inarudi na skrini ya buluu. Mwalimu anafungua akaunti ya Microsoft kwa barua pepe yake na kuingia kwenye ile anwani. Hakuna ufunguo wowote hapo, kwa sababu haukuwahi kutumwa kwake. Skrini ya buluu inaonyesha herufi na tarakimu za kutambulisha ufunguo, kisha inasubiri. Microsoft haiwezi kumtengenezea ufunguo mwingine. Asipompata yule fundi wa kwanza, na fundi naye asipoweza kuingia kwenye akaunti ile ya zamani, kilichobaki ni kuifuta diski yote na kuanza upya. Mashine itapona, lakini alama na mitihani havitarudi.

Na hata kabla ya siku hiyo, huenda faili zake zilikuwa zinasafiri. Akaunti ya mtandaoni mara nyingi huja na OneDrive ikiwa imewashwa kunakili folda za Desktop, Documents na Pictures. Picha za mwalimu zinapanda kwenye hifadhi ya fundi, kwa bando la mwalimu. Hifadhi ya bure ni GB 5 tu, kwa hiyo haichukui muda kujaa, na baada ya hapo kompyuta huanza kumsihi mwalimu anunue nafasi kwenye akaunti ambayo hata si yake.

Basi tuiandae mashine ile upya, safari hii kwa akaunti ya ndani. Tuseme ni Windows 11 Home, mpya, haijawahi kuunganishwa popote. Kanuni ya kwanza ni kutoipa mtandao. Usiandike neno la siri la waifai, na kama kuna waya wa mtandao uchomoe. Wale tunaotumia simu kugawa mtandao tuizime huduma hiyo kwenye simu kabisa, maana mashine ikishaunganishwa inaruka skrini tunayoitaka.

Ukifika kwenye skrini inayotaka uchague mtandao, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu inabidi uongeze kitufe cha Fn. Litafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Lisipopokea herufi, libofye kwanza kwa kipanya. Andika amri hii kisha bonyeza Enter:

```
OOBE\BYPASSNRO
```

Mashine itajizima na kuwaka tena, na itakuuliza nchi na kibodi kwa mara ya pili. Hiyo ni dalili kwamba amri imekubaliwa. Ukirudi kwenye skrini ya mtandao utaona kilichokuwa hakipo mwanzoni, maneno "I don't have internet". Yabofye. Skrini inayofuata itajaribu kukushawishi uunganishe, na pembeni kutakuwa na "Continue with limited setup". Bofya hapo, na mashine itakuuliza jina lako badala ya barua pepe.

Amri ile ikijibiwa kwamba haitambuliki, maana yake unatumia toleo ambalo faili la amri hiyo limeondolewa. Machi 2025 Microsoft ilitangaza kuliondoa kwenye matoleo ya majaribio, na matoleo hayo ndiyo hutangulia yale yanayoingia madukani. Kilichokuwa kikifanywa na faili hilo unaweza kukifanya kwa mkono katika dirisha hilo hilo jeusi, kwa mistari miwili, Enter baada ya kila mmoja:

```
reg add HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\OOBE /v BypassNRO /t REG_DWORD /d 1 /f
shutdown /r /t 0
```

Mstari wa kwanza unaandika alama kwenye rejista ya Windows kwamba mashine hii iruhusiwe kupita bila mtandao, na wa pili unaiwasha upya. Nafasi kati ya maneno ni sehemu ya amri, na mkwaju unaoegemea kushoto si sawa na ule unaoegemea kulia. Wengi wanaolalamika kwamba njia hii haifanyi kazi wamekosea hapo tu.

Kwa mwenye Pro kuna njia ya wazi isiyohitaji dirisha jeusi. Unapoulizwa mashine ni ya matumizi gani, chagua ya kazi au shule, kisha bofya "Sign-in options", halafu "Domain join instead". Jina hilo linawatisha watu kwa sababu linasikika kama mambo ya ofisi kubwa zenye seva zao, lakini katika hatua hii huunganishwi na ofisi yoyote. Unapewa tu sehemu ya kuandika jina na kufungua akaunti ya ndani.

Oktoba 2025 Microsoft ilieleza kwamba inaendelea kuondoa, katika matoleo ya majaribio, njia zinazojulikana za kufungua akaunti ya ndani wakati wa kuandaa mashine. Sababu iliyotoa ni kwamba njia hizo huruka skrini muhimu na kuiacha mashine ikiwa haijakamilika. Sababu hiyo haina uzito ule wanaodhani wao, kwa maoni yangu, kwa sababu skrini hizo zingeweza kuonyeshwa kwa mwenye akaunti ya ndani pia. Lakini hayo ndiyo mwelekeo, na ukweli ni kwamba njia iliyofanya kazi mwaka huu huenda isifanye mwakani. Njia moja ambayo imesimama imara ni ile ya baadaye: ingia kwa akaunti ya mtandaoni iliyo yako mwenyewe, kisha ibadili iwe ya ndani ukiwa umeshafika kwenye mashine. Nitaieleza hapa chini, maana ina faida ambayo njia ya mkato haina.

Turudi kwenye jina. Usilipite haraka, kwa sababu unachoandika hapa ndicho kitakuwa jina la folda yako ndani ya C:\Users, na kulibadili baadaye ni kazi ya hatari. Andika neno moja fupi, kwa herufi ndogo, bila nafasi. Anayeingia kwa akaunti ya mtandaoni kwa kawaida hapewi nafasi hii: Windows huchukua herufi tano za mwanzo za barua pepe yake na kuzifanya jina la folda. Ndiyo maana unakuta mashine yenye folda iitwayo nusu ya jina la mtu, nusu ambayo haina maana yoyote. Kwa mwalimu wetu, folda yake ilikuwa na herufi tano za barua pepe ya fundi, na kama angejua pa kutazama, hapo ndipo angegundua mapema.

Baada ya jina huja neno la siri, na ukiliweka hapo utaulizwa maswali matatu ya usalama, kama vile jina la mnyama wako wa kwanza au mji uliozaliwa. Watu huyajaza ovyo ili wapite. Kwenye akaunti ya ndani hilo ni kosa kubwa, kwa sababu maswali hayo matatu ndiyo njia pekee ya kawaida ya kurudi ndani ukisahau neno la siri. Hakuna ujumbe wa simu utakaotumwa, hakuna barua pepe ya kurejesha. Ukijibu majibu ya kweli, ndugu yako anayejua ulipozaliwa anaweza kuingia. Ukijibu ya uongo, uyaandike mahali. Mimi huwashauri watu waweke majibu yasiyo ya kweli na kuyaandika kwenye daftari linalokaa nyumbani, mbali na laptopu.

Jambo la pili la kufanya mara tu ukiingia ni kufungua akaunti nyingine ya ndani yenye haki za msimamizi, yenye neno lake la siri, ambayo hutaitumia kwa kazi za kila siku. Unaifungua kupitia Settings, Accounts, Other users. Ukisahau neno la siri la akaunti ya kwanza, unaingia kwa hii ya pili na kuweka jipya. Inachukua dakika tano, na imewaokoa watu wengi kuliko maswali yale matatu.

Sasa diski. Hapa ndipo wengi wanaochagua akaunti ya ndani kwa kutaka usalama hujikuta na usalama mdogo kuliko wanavyodhani. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi na uandike:

```
manage-bde -status C:
```

Kwenye laptopu mpya ya Home iliyoandaliwa kwa akaunti ya ndani, mara nyingi utaona mistari miwili inayoonekana kupingana. Mmoja utasema diski imesimbwa kwa asilimia 100, na mwingine, mbele ya "Protection Status", utasema "Protection Off". Yote miwili ni kweli. Diski imesimbwa, lakini Windows inasubiri akaunti ya mtandaoni ya kuutuma ufunguo wa kurejesha kabla ya kuufunga ulinzi, na wakati inasubiri, ufunguo wenyewe umeandikwa wazi kwenye diski hiyo hiyo. Ni kufuli lililofungwa huku ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Atakayeiba laptopu ile ataweza kusoma kila kitu.

Kusubiri huko kuna sababu nzuri. Kama Windows ingefunga ulinzi bila kuhifadhi ufunguo popote, kila mwenye akaunti ya ndani angekuwa hatua moja tu kutoka kwenye maafa ya mwalimu wetu. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye akaunti ya ndani lazima amalizie kazi hiyo mwenyewe. Mwenye Pro anaifanya kwa urahisi: anatafuta "Manage BitLocker" kwenye menyu, anawasha, na anapoulizwa pa kuhifadhi ufunguo anachagua faili kwenye flashi au kuuchapisha kwenye karatasi. Windows haitakubali faili hilo lihifadhiwe kwenye diski ile ile inayofungwa.

Mwenye Home hana ukurasa huo wa Pro, na kwake ndipo ile njia ya kuingia kwa akaunti ya mtandaoni kisha kuibadili inapopata maana yake. Anaiandaa mashine kwa akaunti ya Microsoft iliyo yake, yenye namba ya simu yake. Mashine inamaliza kusimba, ulinzi unafungwa, ufunguo unatumwa kwenye akaunti yake. Kisha anaandika amri hii kwenye Command Prompt yenye haki za msimamizi, na tarakimu zote 48 zinaonekana mbele yake:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Anazinakili kwenye karatasi, kwa makundi manane ya tarakimu sita sita kama zilivyo kwenye skrini, na kuzisoma upya moja moja kabla ya kuendelea. Kisha anakwenda Settings, Accounts, Your info, na kubofya "Sign in with a local account instead". Mashine itamtaka athibitishe kwa PIN, itamuuliza jina na neno la siri la akaunti mpya ya ndani, na kumtoa nje. Akirudi, programu zake zipo, faili zake zipo, mandhari ya skrini ni ileile, na diski bado imefungwa. Kitu kimoja hakitabadilika, nacho ni jina la folda la herufi tano.

Kabla ya kubofya hapo, angalia OneDrive. Faili zenye alama ya wingu pembeni hazimo kwenye diski yako. Kilichopo ni jina tu, na faili lenyewe liko mtandaoni. Mtu akiachana na akaunti huku hajazishusha, atafungua folda na kukuta pengo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Always keep on this device", usubiri alama za wingu zigeuke kuwa tiki za kijani, ndipo uitenganishe OneDrive. Kwa picha nyingi hilo litakula bando, kwa hiyo lifanye penye waifai.

Hatua hizi hizi zinamfaa yule ambaye mashine yake tayari iko kwenye akaunti ya fundi, maadamu bado inawaka na anaijua PIN yake. Aanze na ile amri ya kuonyesha ufunguo, kwa sababu ufunguo ulio mikononi mwa fundi ndio huo huo ulio kwenye mashine, na hauhitaji ruhusa ya mtu kuuona ukiwa na haki za msimamizi. Auandike. Ashushe faili zake kutoka kwenye OneDrive ile. Kisha abadili akaunti iwe ya ndani. Nakala ya ufunguo itabaki kwa fundi, na kama hilo linamsumbua, anaweza kuuzima usimbaji kwenye Settings chini ya Privacy & security, Device encryption, asubiri diski ifunguliwe yote, kisha auwashe upya akiwa ameingia kwa akaunti yake mwenyewe. Ufunguo utakuwa mpya na ule wa fundi hautafungua chochote.

Je, kila mtu achague akaunti ya ndani? Sidhani. Mtu mwenye barua pepe anayoitumia kila siku, na ambaye ana historia ya kusahau maneno ya siri, atahudumiwa vizuri zaidi na akaunti ya mtandaoni, mradi iwe yake. Ataweza kurejesha neno la siri kwa simu, ufunguo wake utakaa mahali asipoweza kuupoteza, na huduma ya kuitafuta mashine iliyoibwa itafanya kazi, jambo ambalo akaunti ya ndani haina. Mashine ya kaunta ya duka inayotumiwa na watu watatu, kompyuta za maabara ya shule, laptopu ya mtu anayeishi pasipo na mtandao wa uhakika, au mashine yoyote inayoandaliwa na mtu asiye mwenyewe: hizo zote ningeziweka kwenye akaunti ya ndani bila kusita. Leseni ya Windows haina shida yoyote. Laptopu iliyonunuliwa na Windows yake hutambulika yenyewe ikipata mtandao, akaunti iwe ipi. Na fundi anayeiandaa kwa mteja angempa huduma kamili kama angeiacha kwenye akaunti ya ndani yenye jina la mteja, na kumweleza kwamba suala la ufunguo wa diski bado linamsubiri.

Aliyekwisha kuchagua akaunti ya ndani ana mtego mmoja mbele yake. Siku atakapofungua Word, Excel au duka la programu la Microsoft na kuingia kwa barua pepe yake ili apakue kitu, itatokea skrini inayosema "Use this account everywhere on your device", yenye kitufe kikubwa cha "Next". Akibonyeza Next, akaunti yake ya ndani inageuzwa kuwa ya mtandaoni kwa mashine nzima. Chini ya maelezo, kwa maandishi madogo, kuna "Microsoft apps only". Hapo ndipo pa kubofya: Word itafunguka kwa barua pepe yake, na kompyuta itabaki kama alivyoiandaa. Mbonyezo mmoja wa haraka unatosha kuyatengua yote, kwa hiyo baada ya kuingia kwenye programu yoyote ya aina hiyo, rudi Settings, Accounts, Your info. Kama chini ya jina lako pameandikwa "Local Account", iko salama. Ukiona barua pepe hapo, bofya "Sign in with a local account instead" siku hiyo hiyo, kabla OneDrive haijaanza kubeba folda zako.